Mistari Yote Inasema Sifuri

Mwaka 1884, mjini Torino, Italia, kilichapishwa kitabu cha kalkulasi kilichobeba jina la profesa mzee, Angelo Genocchi. Kalamu iliyokiandika ilikuwa ya msaidizi wake Giuseppe Peano, kijana aliyezaliwa mwaka 1858. Kijana huyo aliongeza humo mambo mengi ya kwake, hata Genocchi akatangaza hadharani kwamba yeye hakuhusika na uandishi wake. Ndani ya kitabu hicho mna fanksheni moja fupi, inayoenea kwenye nusu ya mstari wa daftari, ambayo mpaka leo walimu wa hisabati wa vyuo vikuu huwapa wanafunzi wao:

f(x, y) = xy²/(x² + y⁴)

Fanksheni ni kanuni tu. Unaipa namba mbili, x na y, nayo inakurudishia namba moja. Ukiipa x = 2 na y = 1, juu unapata 2 na chini unapata 4 + 1, kwa hiyo jibu ni 2/5, yaani 0.4. Mahali pamoja tu ndipo inaposhindwa kujibu, nako ni pale x na y zote zinapokuwa sifuri: juu sifuri, chini sifuri, na sifuri kugawanya kwa sifuri hakuna maana.

Hata hivyo tunaweza kuuliza swali jingine. Tusimame karibu na hiyo sehemu (0, 0) bila kuikanyaga, kisha tusogee, tusogee tena. Je, majibu ya fanksheni yanaikaribia namba moja maalumu? Kama yanaikaribia, namba hiyo huitwa kikomo. Kama hayaikaribii, tunasema kikomo hakipo, na hapo hatuna budi kuthibitisha kwamba hakipo, kwa sababu kushindwa kukiona si ushahidi.

Kwa fanksheni ya kigeu kimoja kazi hii ni nyepesi. Namba zimejipanga kwenye mstari mmoja, na sifuri inaweza kukaribiwa kutoka kushoto au kutoka kulia. Ukikagua pande hizo mbili umemaliza. Vigeu vikiwa viwili tunakuwa kwenye uwanja mzima. Unaweza kuijia (0, 0) ukifuata mhimili wa x, au mhimili wa y, au mstari wa mshazari wa mteremko wowote, au mkunjo, au hata kwa kuzungukazunguka kama konokono. Njia hazihesabiki, na kikomo kikiwepo ni lazima njia zote zikubaliane.

Jambo hili limewaponyoka hata wakubwa. Augustin-Louis Cauchy, Mfaransa aliyeufanya usahihi kuwa sheria katika kalkulasi, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1821 kwamba fanksheni isiyokatika kwa kila kigeu kikichukuliwa peke yake haikatiki kwa vigeu vyote pamoja. Maana yake ni kwamba ukikagua mwendo wa mashariki na magharibi, halafu mwendo wa kaskazini na kusini, imetosha. Haijatosha. Tazama g(x, y) = xy/(x² + y²), na tukubaliane kwamba kwenye (0, 0) yenyewe tunaipa thamani ya sifuri. Ukitembea juu ya mhimili wa x, y ni sifuri, na jibu ni sifuri kila mahali. Juu ya mhimili wa y ni vilevile. Lakini tembea juu ya mstari y = x. Juu ya sehemu unapata x², chini unapata 2x², na jibu ni 1/2 katika kila hatua, hata ukiwa umebakiza sehemu ya milioni ya milimita kufika.

Sasa kwa nini sifuri kwenye njia moja na nusu kwenye njia nyingine ziwe uthibitisho kamili? Wengi huandika “majibu yanatofautiana, basi kikomo hakipo” na kuendelea, na mwalimu huwapa alama. Ni vizuri mtu akaiona sababu yenyewe mara moja, kwa kuwa ndiyo msingi wa yote yanayofuata.

Chukulia kikomo kipo, nacho kiitwe L. Kuwepo kwake ni ahadi: unitajie kiasi chochote cha tofauti unachokivumilia, hata kiwe kidogo namna gani, nami nitakuchorea duara kuzunguka (0, 0) ambalo ndani yake majibu yote, pasipo kubagua njia, hayatofautiani na L kwa kiasi hicho au zaidi. Haya, natamka 1/4. Duara limechorwa. Ndani yake kuna sehemu ya mhimili wa x, ambako jibu ni 0, kwa hiyo L iko karibu na 0 kwa chini ya 1/4. Ndani yake pia kuna kipande cha mstari y = x, ambako jibu ni 1/2, kwa hiyo L iko karibu na 1/2 kwa chini ya 1/4. Namba moja haiwezi kuwa chini ya robo kutoka sifuri na papo hapo chini ya robo kutoka nusu, kwa maana kati ya sifuri na nusu kuna nusu nzima. Ahadi imevunjika, na hakuna L inayoweza kuiokoa. Duara liwe dogo kama punje ya haradali au dogo mara milioni zaidi, njia zote mbili zimo ndani yake, kwa kuwa zote mbili zinaishia kwenye (0, 0).

Turudi kwa Peano. Mtu aliyejifunza somo la fanksheni g ataichukua ile ya 1884 na kuijaribu kwa mistari. Mhimili wa x: y ni sifuri, jibu ni 0. Mhimili wa y: x ni sifuri, jibu ni 0. Kisha atajaribu mistari yote iliyobaki kwa mpigo mmoja, kwa kuandika y = mx, ambapo m ni mteremko wowote. Juu ya sehemu anapata m²x³, na chini x² + m⁴x⁴. Akigawanya juu na chini kwa x² anabaki na

m²x/(1 + m⁴x²)

x ikienda sifuri, juu kunakwenda sifuri na chini kunabaki 1. Jibu ni sifuri kwa kila mteremko. Hakuna mstari mnyoofu hata mmoja duniani, kati ya ile inayopita (0, 0), unaotoa jibu jingine. Hapo karibu kila mwanafunzi anaweka kalamu chini na kuandika kwamba kikomo kipo, nacho ni sifuri.

Mweleze ajaribu x = y². Huo ni mkunjo, parabola iliyolala ubavu, na unapita (0, 0). Juu anapata y² mara y², yaani y⁴. Chini anapata y⁴ + y⁴. Jibu ni 1/2, bila kupungua wala kuongezeka, mpaka mlangoni mwa sifuri. Mistari isiyo na idadi imesema sifuri, parabola moja imesema nusu, na hoja ya robo tuliyoiona hapo juu inafanya kazi yake vilevile. Kikomo hakipo.

Uthibitisho umekwisha, lakini akili haijaridhika, na mimi naona hapa ndipo penye utamu wote wa jambo hili. Mistari ile imeujaza uwanja mzima. Kila nukta kwenye karatasi, ukiondoa (0, 0), iko juu ya mstari mmojawapo unaopita (0, 0). Nukta za parabola nazo ziko juu ya mistari hiyohiyo. Inakuwaje kila mstari ufikie sifuri, na nukta zilezile zikipangwa kwa mkunjo zibaki kwenye nusu?

Tuchukue mstari mkali, y = 10x, tuufuate kwa namba. Fanksheni juu yake ni 100x/(1 + 10000x²). Pale x = 1, jibu ni kama 0.01. Pale x = 0.1, jibu ni 10/101, karibu 0.099. Pale x = 0.01, jibu ni 1/2 kamili. Pale x = 0.001, limeshuka tena mpaka karibu 0.099, na pale x = 0.0001 ni karibu 0.01. Kwa hiyo mstari huu haukwendi sifuri kwa utulivu. Ulipanda kwanza, ukafika nusu, ndipo ukashuka. Na ile nukta ya kilele ni (0.01, 0.1). Angalia: 0.01 ni mraba wa 0.1. Mstari umekutana na parabola.

Rudia kwa y = 100x, utaona kilele kipo pale x = 0.0001 na y = 0.01, karibu zaidi na sifuri. Kwa mstari wowote wa mteremko m usio sifuri, kilele cha nusu kiko pale x = 1/m², ambako mstari unaikata parabola mara moja na kuachana nayo. Fikiria fanksheni hii kama ardhi, na majibu yake kama kimo cha ardhi hiyo. Upande wa kulia kuna mgongo wa mlima wenye kimo cha nusu unaofuata parabola, ukizidi kuwa mwembamba kadiri unavyoelekea (0, 0), wala haupungui kimo. Anayekuja kwa mstari mnyoofu anauvuka mgongo mara moja, kisha anateremka bondeni na kubaki bondeni mpaka mwisho. Mwenye njia iliyolala anauvuka mapema. Mwenye njia iliyosimama karibu na mhimili wa y anauvuka akiwa amebakiza kidogo sana. Wote wanaishia chini, lakini hakuna duara ambalo ndani yake wote wamekwisha kuvuka. Ulichore dogo unavyotaka, nitakutafutia mstari mkali zaidi ambao bado uko njiani kupanda.

Hilo ndilo jambo ambalo kikomo kinadai na mistari peke yake haiwezi kulitoa. Kikomo kinataka duara moja linalowatosha wote kwa pamoja. Kila mstari una duara lake, na maduara hayo yanazidi kusinyaa bila kikomo cha chini.

Mtego huuhuu unarudi kwa sura nyingine, na huwanasa hata wale waliokwisha kujua habari ya parabola. Baadhi hubadilisha x na y kuwa umbali r kutoka (0, 0) na pembe θ, kwa kuandika x = r cos θ na y = r sin θ. Fanksheni ya Peano inakuwa

r cos θ sin² θ/(cos² θ + r² sin⁴ θ)

Wanasema: r inakwenda sifuri, juu kunakwenda sifuri, chini kunabaki cos² θ, basi kikomo ni sifuri kwa kila pembe. Lakini pembe ikishikiliwa isibadilike, huo ni mstari mnyoofu uleule umevaa nguo nyingine. Pembe nayo inaruhusiwa kubadilika kadiri r inavyopungua. Ukiiacha ijongee kuelekea nyuzi 90 kwa namna ambayo cos θ = r sin² θ, jibu linarudi kuwa 1/2. Dalili ya hatari iko wazi kwa anayeitafuta: pembe ikikaribia nyuzi 90, cos² θ iliyobaki chini nayo inakaribia sifuri, na huwezi tena kusema kwamba chini kuko salama. Njia ya r na θ inathibitisha kikomo pale tu unapoweza kulibana jibu kwa kitu kinachotegemea r peke yake, ambacho pembe haiwezi kukigusa.

Swali ambalo wanafunzi huliuliza baada ya hapo ni la haki: huo mkunjo ulitoka wapi? Ukimwona mwalimu anauandika ubaoni bila maelezo unaweza kudhani ni karama. Tazama chini ya sehemu, kwenye x² + y⁴. Juu ya mstari mnyoofu usio mhimili, x na y ni za ukubwa mmoja, na karibu na sifuri y⁴ ni ndogo mno kuliko x². Kipande kimoja kinakimeza kingine, na ugomvi unakwisha kabla haujaanza. Tunataka njia ambayo vipande viwili vinalingana nguvu. Tuulize lini x² ni sawa na y⁴. Jibu ni pale x inapokuwa y² au hasi ya y². Basi jaribu x = ky², ukiiacha k iwe namba yoyote. Juu unapata ky⁴, chini (k² + 1)y⁴, na jibu ni k/(k² + 1). k ikiwa 1 unapata 1/2, ikiwa 2 unapata 2/5, ikiwa hasi 1 unapata hasi 1/2. Jibu linafuata k, nayo k ni chaguo lako, na hapo hapo uthibitisho umepatikana. Fanksheni yenye x⁶ + y² chini itakuelekeza kwenye y = kx³ kwa hoja ileile. Halafu utazame kama kilicho juu kina nguvu za kutosha kusimama sambamba na chini kwenye njia hiyo. Kikiwa dhaifu kuliko chini, jibu litakwenda sifuri hata huko, na pengine kikomo kipo kweli.

Njia uliyoichagua ina masharti mawili tu, lakini yote mawili huvunjwa. La kwanza ni kwamba ifike kwenye nukta unayoichunguza: y = x + 1 haipiti (0, 0), na lolote litakalotokea juu yake halihusiki. La pili ni kwamba fanksheni iwe na jibu njiani kote. Chukua xy/(x + y). Nimeona mara nyingi mtu akiandika kwamba kwenye mstari y = −x chini kuna sifuri, kwa hiyo kikomo hakipo. Tamko ni sahihi, sababu ni mbovu. Mstari ule uko nje ya eneo la fanksheni, na kutokuwa na jibu mahali fulani si sawa na kuwa na jibu tofauti. Pita pembeni yake kidogo, kwa y = −x + x². Chini kunabaki x², juu kunakuwa −x² + x³, na jibu ni −1 + x, linalokwenda −1. Kwenye y = x jibu ni x/2, linalokwenda 0. Sasa ndipo umethibitisha.

Kuna upande mmoja ambao njia hii haifiki kabisa. Njia mbili zikipingana, kesi imefungwa. Njia mbili zikikubaliana, au mia, au zile zote za y = mx, bado hujathibitisha kitu. Kwa x²y/(x² + y²) unaweza kujaribu mistari na parabola mpaka usiku, kila mara utapata sifuri, na mwisho itabidi ubadili mbinu: x² haizidi x² + y², kwa hiyo jibu zima, ukiacha alama ya hasi, halizidi y yenyewe. y ikienda sifuri inaliburuta jibu pamoja nayo, kwa njia yoyote ile. Mstari huo mmoja wa hoja umefanya kazi ambayo njia elfu zisingeifanya.

Na kama kuna anayedhani kwamba mistari ikishindwa, parabola na ndugu zake wa vipeo vya juu watatosha daima, Bernard Gelbaum na John Olmsted waliweka mfano katika kitabu chao cha mwaka 1964 unaozima tumaini hilo. Weka t badala ya e^(−1/x²), kisha tazama yt/(t² + y²). Jaribu y = cx, y = cx², y = cx¹⁰⁰, kipeo chochote chanya unachokitaka na c yoyote isiyo sifuri. Jibu linakwenda sifuri kila mara, kwa sababu t inaporomoka haraka kuliko kipeo chochote cha x. Pale x = 0.1, t ni e^(−100), desimali yenye sifuri 43 kabla ya tarakimu ya kwanza. Pale x = 0.03, t ni ndogo kiasi kwamba kompyuta ya kawaida inaiandika kuwa sifuri kabisa; ukiiomba ikague njia ya y = t itakuta sifuri juu na sifuri chini, na itakurudishia NaN. Mchoro wake kwenye skrini karibu na (0, 0) utakuwa tambarare tupu. Kwa kalamu, kwenye njia hiyohiyo, juu kuna t mara t na chini kuna t² + t², na jibu ni 1/2.